Mtoto anasafiri peke yake kwa ndege: jina la mpokeaji ndilo la kuangalia

Nakata tiketi Dar es Salaam, na kila likizo inapokaribia wazazi huniletea watoto wa kupeleka Nairobi. Tuchukue binti wa miaka 8 anayekwenda kwa mama yake mdogo.

Kabla ya kulipa, mwambie wakala kwamba mtoto hana mkubwa wa kusafiri naye. Mashirika mengi hupokea watoto wa miaka 5 hadi 11 kwa huduma ya kusindikizwa, lakini mengine hayana kabisa huduma hiyo, na kwenye tovuti mara nyingi huwezi kuikatia mwenyewe. Ikishakubaliwa, kwenye buking hutokea herufi UMNR. Usipoziona, mtoto hajaombewa kitu. Chagua ndege isiyounganisha, na isiwe ya mwisho ya siku: ikiahirishwa, atalala wapi?

Halafu fomu. Ina sehemu ya anayemleta mtoto uwanjani na sehemu ya atakayempokea: jina, anwani, simu, uhusiano. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Mpokeaji ni Halima Saidi Juma kwenye kitambulisho, lakini nyumbani anaitwa Mama Zuu, basi mzazi anaandika Mama Zuu. Omba picha ya kitambulisho chake kwa WhatsApp, unakili jina herufi kwa herufi. Namba ya simu ianze na +254, iwe ile anayoipokea kweli. Fomu ikiwa na nafasi ya mpokeaji wa pili, ijaze.

Niliwahi kuiacha wazi nafasi hiyo. Mama mdogo akakwama kwenye foleni ya Mombasa Road, akamtuma mumewe. Mtoto alimwona akamkimbilia, "Baba mdogo!", lakini mhudumu akamshika mkono. Jina halikuwa kwenye fomu. Walikaa wote watatu kwenye viti karibu saa nzima mpaka mama mdogo alipofika na kitambulisho mkononi. Shemeji alinuna, ila mhudumu alikuwa sahihi.

Siku ya safari fikeni uwanjani masaa matatu kabla ya ndege kuondoka. Pasipoti, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya wazazi yenye nakala za vitambulisho vyao huingia kwenye kibegi cha kuvaa shingoni pamoja na nakala ya fomu. Dawa, kama anazo, zieleze kaunta. Wahudumu wa ndani ya ndege kwa kawaida hawampi mtoto dawa.

Mhudumu atasaini kumpokea mtoto, atampitisha uhamiaji na kumkabidhi kwa wahudumu wa ndege. Wewe usiondoke. Ndege inaweza kurudi kwenye maegesho hata baada ya milango kufungwa, na wa kuitwa kumchukua mtoto ni wewe. Subiri mpaka iruke, ndipo umpigie mama mdogo. Naye Nairobi asubiri nje ya mlango wa wanaowasili. Mtoto ataletwa baada ya uhamiaji na mizigo, mara nyingi nyuma ya abiria wengine. Mama mdogo ataonyesha kitambulisho halisi, si picha ya kwenye simu, kisha atasaini.