Hotpoti ikirudi na chakula ndani

Dada akirudisha hotpoti yako na ndani kuna mbaazi za nazi, usiishie kwenye "asante, nimepokea". Onja kwanza, kisha umwandikie ukitaja kitu kimoja cha chakula chenyewe: "Asante dada, hotpoti nimeipata. Mbaazi zimeiva mpaka ndani na tui halikukatika, mahamri yameisha mchuzi ungalipo." Hapo anajua umekula kweli, na anajua cha kurudia siku nyingine; "tamu sana" haimwambii kitu. Mtumie yeye peke yake. Kwenye grupu la familia, kaka aliyekosa ataulizia fungu lake. Na kama chumvi ilizidi, shukuru kwa chombo tu, ya chumvi mtaongea mkionana.