Kuandika beti za kiongozi juu ya mvumo wa kwaya bila kumnyima pumzi

Ijumaa Kuu ndiyo siku inayonifanya niandike nyimbo za namna hii. Katika liturujia ya Kikatoliki, tangu Gloria ya Alhamisi Kuu hadi Gloria ya mkesha wa Pasaka, kinanda kinaruhusiwa kusindikiza waimbaji tu, na kwetu parokiani hatukigusi kabisa. Kwa hiyo kwaya yenyewe ndiyo inakuwa kinanda: midomo imefungwa, "mmm" inavuma, na mtu mmoja anasimulia juu yake. Sisi tunaita hamingi. Hapa nitaupitia wimbo mmoja tangu mstari wa kwanza, pamoja na pale nilipokosea.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja na tukio moja

Solo ya namna hii ni simulizi, na msikilizaji hana karatasi mkononi. Nilimchukua Simoni wa Kirene, yule aliyelazimishwa kuubeba msalaba. Marko 15:21 na Luka 23:26 zote zinasema alikuwa anatoka shamba. Hilo neno "shamba" lilinitosha. Jembe nimeliongeza mimi, Injili haina jembe.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi: "Simoni alitokea shambani akielekea mjini." Hesabu mizani: ni 20. Hakuna mtu atakayeimba hayo taratibu kwa pumzi moja na bado neno la mwisho likasikika. Nikarudi kwenye kipimo ambacho tayari kimo masikioni mwetu, mizani 8 za utenzi, na nikamwacha Simoni aseme mwenyewe:

*Natoka zangu shambani,*
*na jembe langu begani,*
*nikamkuta njiani*
*amebeba msalaba.*

Nane, nane, nane, nane. Vina vitatu vya "ni" na cha nne kinatoka nje, kama utenzi unavyotaka. Nilikwenda mazoezini nikiwa na furaha.

Hatua ya 2: Tafuta "m" zote ulizoandika

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote, na sikuijua mpaka mama mmoja aliyekuwa amekaa viti vya nyuma alipouliza, "Alikuta nini njiani?" Alikuwa amesikia "nikakuta". Mstari wa nne alikuwa amesikia "amebeba salaba".

Sababu yake ni rahisi. Kwaya inavuma "mmm". Kiongozi naye akifika kwenye "m" inayosimama peke yake kama silabi, kama ile ya *nikaM-kuta*, *M-tu*, *M-ti* au *M-salaba*, anafunga midomo na kutoa sauti ileile ambayo watu 30 nyuma yake wanaitoa. Silabi yake inazama. Na katika Kiswahili silabi hiyo si pambo: ukiipoteza "m" ya "nikamkuta" umempoteza mtu aliyekutwa.

"M" iliyoshikana na konsonanti nyingine ndani ya silabi moja haina shida hiyo. "Shambani" na "jembe" zinasikika vizuri, kwa kuwa "b" inapasuka na kufungua mdomo papo hapo. Vivyo hivyo "m" yenye irabu yake, kama "mama", ni salama. Ya kuogopa ni ile ya peke yake tu.

Basi chukua kalamu ya rangi, zungushia kila "m" ya peke yake kwenye beti za solo, kisha uiondoe. Mara nyingi inatosha kubadilisha mtendwa au wakati wa kitenzi. Mimi nilibadilisha mmoja kuwa wengi, Simoni akakutana na msafara mzima wa askari:

*nikawakuta njiani,*
*nao wakanikamata.*

Neno "msalaba" nililitoa kwenye ubeti kabisa nikaliweka akiba. Tutalirudia.

Hatua ya 3: Sema kabla ya kuimba, uone mkazo unaangukia wapi

Mizani zikitimia bado kazi haijaisha. Mkazo wa neno letu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: na-TO-ka, ZA-ngu, sha-MBA-ni. Tuni ikiupeleka mkazo kwingine, mtu anasikia neno kama la mgeni. Soma mstari kwa sauti huku ukipiga meza taratibu, na uandike ulivyogonga. Wangu ulikuja hivi, Doh ni F, mapigo manne kwa bari, mwendo kama 72 kwa dakika:

```
Pigo   4½  | 1    2    3    4        | 1     2    3      4
Noti   s,  | d    r    m    r.d      | r     r    pumzi  pumzi
Neno   Na  | to   ka   za   ngu.sha  | mba   ni
```

"Na" inaingia mapema kwenye nusu ya mwisho ya pigo la nne, halafu TO, ZA na MBA zinaketi kwenye mapigo yenye nguvu: la kwanza, la tatu, na la kwanza tena. Mstari wa pili unafuata nyayo zilezile: na JE-mbe LA-ngu be-GA-ni.

Wa tatu, ni-ka-wa-KU-ta nji-A-ni, una mkazo kwenye silabi ya nne na ya saba. Zote mbili ziko mahali pake. "Ka" inapata pigo la kwanza bila kustahili, lakini ni noti fupi isiyo ya juu, na sikio linasamehe.

Kwenye mstari wa nne sikio halikusamehe. NA-o wa-ka-ni-ka-MA-ta: pigo la kwanza linaiangukia "o", na kiongozi akawa anaimba "na-OOO wakani..." Mizani 8 kamili, ila mstari mbovu. Ukawa *wakanishika kwa nguvu*: wa-ka-ni-SHI-ka kwa NGU-vu, mkazo wa nne na wa saba kama ule wa tatu. Unaishia na "u", irabu nyembamba inayobana mdomo, kwa hiyo nikaishusha tuni pale mpaka d. "U" ndefu juu kwenye s au l ingemkaba.

Ubeti wa pili ndio mtihani, kwa sababu tuni imeshakuwa na umbo na maneno ndiyo yanayotakiwa kuivaa. Nilitaka kuandika "wala kosa lake nini". Mikazo yake iko 1, 3, 5, 7, na mitatu ya kwanza iko nje ya mapigo yenye nguvu. Ilinibidi niache wazo zuri nitafute linalokaa:

*Sikuuliza ni nini,*
*wala twaenda kwa nani,*
*nikainama njiani,*
*nikaubeba kwa nguvu.*

Neno "nguvu" limerudi makusudi. Mara ya kwanza ni nguvu ya askari, mara ya pili ni yake mwenyewe.

Hatua ya 4: Andika pumzi kama unavyoandika noti

Tazama tena ile chati. Mstari unachukua mapigo sita na nusu, yaani sekunde 5 na kidogo kwa mwendo ule, kisha kuna pigo moja na nusu la kimya kabla ya "Na" nyingine. Ni zaidi kidogo ya sekunde moja. Inatosha mtu kuvuta pumzi bila kupandisha mabega.

Watunzi wengi wanaiacha nafasi hiyo kichwani tu, halafu kiongozi akipata hisia anairefusha silabi ya mwisho mpaka inakula kimya chote. Akifika mstari wa tatu ananyakua pumzi katikati ya neno. Utaijua dalili: anakata "nikawa... kuta". Ukisikia hivyo usimlaumu mapafu. Nenda mwisho wa mstari uliotangulia, utakuta ameshika "ni" mapigo mawili na nusu. Kwa hiyo mimi huandika neno "pumzi" chini ya pigo la tatu kwenye nakala yake, na "ni" nampa pigo moja tu.

Hatua ya 5: Sasa tunga mvumo, nao uwe chini yake

Naanza na maneno ndipo nije kwenye mvumo, sio kinyume. Besi wanashika d, sauti ya tatu s, na sauti ya pili d ya juu yao. Sauti ya kwanza wanaungana na ya pili. Hawapendi, najua, lakini mvumo wa soprano ukipanda juu ya kiongozi masikio ya watu yanakwenda huko. Tuni yangu haipiti m, kwa hiyo hakuna anayevuma juu ya d.

Mwambie kila mtu afunge midomo lakini meno yaachane, ulimi ulale chini. Wakiuma meno mvumo unakuwa wa puani na unashuka noti. Baada ya beti mbili gusa d ya kinanda mazoezini uone mmeshuka kiasi gani.

Mvumo unakaa palepale mstari mzima. Unasogea mahali pamoja tu: kiongozi anapovuta pumzi. Kwenye pigo la tatu la bari ya pili sauti ya pili wanashuka kutoka d hadi t, kisha wanarudi d pale "Na" inapoingia. Kiongozi ameiacha r hewani, t inakuja chini yake, na kile kimya hakionekani tena kama pengo.

Ndiyo maana kwaya haina ruhusa ya kupumua wakati kiongozi anapumua. Wakifanya hivyo wote pamoja, na miili inapenda kufanya hivyo, kanisa linanyamaza ghafla. Wapokezane: walioketi upande wa kulia wapumue kiongozi akiwa kwenye "za", wa kushoto akiwa kwenye "mba". Mtu asipumue sawa na jirani yake.

Hatua ya 6: Mvumo ugeuke kuwa neno

Lile "msalaba" nililoliweka akiba sasa ndilo linaloanza kiitikio:

*Msalaba huu si wangu,*
*mbona nauona mwepesi?*

Kwaya tayari wako kwenye "mmm". Baada ya "nguvu" ya ubeti wa pili wanaukuza ule mvumo pigo moja na nusu, na hiyo ndiyo silabi ya kwanza ya "msalaba". "Sa" inaingia nusu ya mwisho ya pigo la nne, midomo inafunguka, na LA inaangukia pigo la kwanza, kiongozi akiwa ameshapumua na kujiunga nao. "M" iliyokuwa inameza maneno yake sasa inafanya kazi.

Jambo moja la kuangalia hapo ni "s". Watu 30 wakiitoa kila mmoja kwa wakati wake utasikia kama mafuta yanakaangwa. Sauti ya kwanza peke yao waitamke kwa nguvu, wengine waiguse tu wapite kwenye "a".