Kukadiria paneli na betri ya uzio wa umeme na taa za mpakani

Mwezi Julai nilirudi kwenye shamba la shemeji yangu, juu kidogo ya Usa River, kurekebisha kosa langu mwenyewe. Mfumo niliomfungia Januari ulifanya kazi vizuri mpaka mawingu ya kipupwe yalipotanda mlimani. Kuanzia hapo, ilipofika saa kumi alfajiri taa zilizimika na uzio ukanyamaza pamoja nazo, na ng'ombe wa jirani wakaingia kwenye kabichi. Hesabu tuliyoifanya upya ndiyo hii.

Hatua ya 1: Matumizi ya mashine ya uzio

Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Mashine haili umeme kwa mfululizo, bali hujichaji na kutoa pigo, kwa kawaida moja kila baada ya sekunde moja hivi. Ukiipima kwa mita ya kawaida, namba inarukaruka na hutajua ushike ipi. Mimi nilishika ile ndogo, nikajidanganya. Tumia wastani ulioandikwa kwenye kijitabu cha mashine, na kama ina swichi ya nguvu ndogo na nguvu kamili, chukua wa nguvu kamili, kwa sababu majani yakiota kwenye waya lazima utaigeuza huko. Kama kijitabu kimepotea, iunganishe na betri iliyojaa kupitia mita inayojumlisha ampea-saa, uiache saa 24 bila paneli, kisha usome jumla.

Mashine ya shemeji hutumia wastani wa ampea 0.25, yaani ampea-saa 6 kwa siku.

Hatua ya 2: Taa

Tulikuwa na taa tatu za wati 10, zinazowaka saa 12. Hizo ni wati-saa 360, na ukigawa kwa volti 12 unapata ampea-saa 30, mara tano ya uzio wenyewe. Tukaweka za wati 5, matumizi yakashuka hadi ampea-saa 15. Jumla ikawa 21 kwa siku. Punguza taa kwanza kabla hujafikiria kununua paneli kubwa.

Hatua ya 3: Betri

Kwa siku mbili bila jua la maana unahitaji ampea-saa 42. Betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zidisha kwa mbili upate 84, na dukani utachukua ya 100. Nunua ya sola, ya jeli ikiwezekana. Betri ya gari imetengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini, na ukiishusha kila usiku itakufa mapema.

Hatua ya 4: Paneli

Usitumie jua la Januari. Kwa miezi ya mawingu kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro mimi huhesabu saa 3 tu za jua kamili kwa siku. Betri ya risasi hupoteza sehemu ya chaji inayoingia, hivyo gawa 21 kwa 0.85 upate takriban 25, kisha gawa kwa 3: unahitaji ampea 8.3. Paneli ya wati 150 ya mfumo wa volti 12 hutoa karibu 8, kwa hiyo haitoshi, na betri iliyoshuka haitapata ziada ya kujirudisha. Tulifunga ya wati 200, yenye takriban ampea 11, na kidhibiti chaji cha ampea 20. Iinamishe kidogo kuelekea kaskazini, mbali na kivuli cha migomba na migrevilea.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Mwanzoni nilikuwa nimefunga uzio na taa pamoja kwenye tundu la mzigo la kidhibiti. Kilipokata umeme ili kulinda betri, kilikata vyote viwili. Sasa mashine ya uzio inatoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, na taa peke yake ndizo zinazopita kwenye kidhibiti. Kiwango cha kukata nimekipandisha hadi volti 12.0, kwa kuwa vidhibiti vingi huja vimewekwa karibu na 11, na hapo betri ya risasi imekwisha kabisa. Taa zikizimika mapema, betri bado ina akiba ya kuupeleka uzio siku kadhaa. Chagua kidhibiti kinachokubali kubadilishwa kiwango hicho. Kisichokubali, kiache dukani.

Hatua ya 6: Ukaguzi

Pima betri alfajiri, taa zikiwa zimezimwa na jua halijagusa paneli. Volti 12.2 ni takriban nusu ya chaji. Ikisoma chini ya hapo asubuhi tatu mfululizo, zima taa mbili usiku wa manane mpaka mawingu yafunguke, kisha panda ukatazame kama tawi limeota juu ya paneli.