Kutoka daftari la uwezekano hadi karatasi moja ya miti na duara za Venn

Wanafunzi ninaowafundisha jioni hapa Tudor huja na daftari la uwezekano lililojaa kanuni, na wengi wanazijua kwa moyo. Hukwama pale swali linapowapa namba wasijue waiweke wapi. Kwa hiyo karatasi ninayowachoresha haina kanuni nyingi. Ni upande mmoja wa A4 wenye michoro minne, na kila mchoro unaonyesha namba ya aina gani hukaa mahali gani. Tafuta penseli, kalamu ya buluu, kalamu nyekundu na mitihani ya miaka iliyopita.

Hatua ya 1: Paka rangi maneno yanayobeba namba

Pitia mifano iliyotatuliwa darasani, uache nadharia kwa sasa. Katika kila mfano, pigia mstari maneno yanayoizunguka namba. Utakuta ni ya aina mbili tu. Aina ya kwanza huhesabu kutoka kundi zima: "12 hutumia vyote viwili", "hakuna hata kimoja". Hiyo ni buluu. Aina ya pili hulipunguza kundi kwanza, ndipo ikahesabu: "kati ya wanaovuka", "ikiwa la kwanza lilikuwa", "bila kurudisha". Hiyo ni nyekundu.

Usiharakishe hapa, kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapa. "Asilimia 30 ya wanafunzi hupanda feri na tuktuk" ni buluu. "Asilimia 30 ya wanaopanda feri hupanda tuktuk pia" ni nyekundu. Asilimia ni ileile, ila mahali pake ni tofauti kabisa. Namba ya buluu hukaa ndani ya mchoro wa duara, au kwenye ncha ya mti. Namba nyekundu hukaa juu ya tawi la pili. Andika sentensi hizo mbili kichwani mwa karatasi.

Swali lenye namba za buluu tupu, lipeleke kwenye duara. Lenye mfuatano wa matukio au namba nyekundu, lipeleke kwenye mti.

Hatua ya 2: Mchoro wa duara mbili

Chukua darasa la wanafunzi 60. Kati yao 35 huvuka Likoni kwa feri, 28 hupanda tuktuk, na 12 hutumia vyote viwili. Chora mstatili, ndani yake duara mbili zinazopishana. Anza kujaza katikati: 12. Kisha toa: feri peke yake ni 35 − 12 = 23, tuktuk peke yake ni 28 − 12 = 16. Nje ya duara hubaki 60 − 51 = 9.

Anayeanza kwa kuandika 35 ndani ya duara ya feri atawahesabu wale 12 mara mbili. Dalili yake ni rahisi kuiona: 35 + 28 ni 63, na darasa lina watu 60. Kwa hiyo chini ya mchoro andika hakikisho lake: 23 + 12 + 16 + 9 = 60.

Swali likiuliza uwezekano wa feri kwa anayepanda tuktuk, funika kwa kiganja kila kilicho nje ya duara ya tuktuk. Wamebaki 28, na 12 kati yao huvuka. Jibu ni 12/28, yaani 3/7.

Pembeni chora duara mbili ndogo zisizogusana, uandike "hayatokei pamoja". Wanafunzi wengi huziona duara hizo wakasema matukio ni huru, na kumbe ni kinyume chake. Kama moja likitokea jingine haliwezekani, basi hilo la kwanza limekwisha kukueleza kila kitu kuhusu la pili. Matukio huru yenye uwezekano unaozidi sifuri lazima yapishane, tena kwa kiasi maalum: P(A ∩ B) = P(A) × P(B). Katika darasa letu 35/60 × 28/60 ni karibu 0.27, lakini waliopo katikati ni 12/60, yaani 0.20. Feri na tuktuk si matukio huru.

Hatua ya 3: Mti wa "bila kurudisha"

Kapu kutoka Kongowea lina maembe 10: boribo 4 na ngowe 6. Unatoa mawili, moja baada ya jingine, bila kurudisha.

```
        3/9  B   BB = 12/90
  4/10 B
        6/9  N   BN = 24/90
        4/9  B   NB = 24/90
  6/10 N
        5/9  N   NN = 30/90
```

Matawi ya kwanza yana 10 chini, ya pili yana 9. Ukiona 10 imejirudia kwenye tawi la pili, umelirudisha embe ambalo swali halikulirudisha. Ukifuata njia, zidisha. Ukikusanya ncha, jumlisha. Usifupishe sehemu kwenye ncha. Ziache zote na 90 chini, ili uone mara moja kwamba zinatimiza 90/90. Maembe mawili ya aina moja ni 12/90 + 30/90 = 42/90, yaani 7/15. "Angalau boribo moja" ni mti mzima ukitoa ncha ya NN: 60/90, yaani 2/3.

Hatua ya 4: Mti wa kurudi nyuma

Hapa ndipo kanuni ya Bayes inapowatisha watu, na kumbe mti ni uleule. Swali: embe la pili lilikuwa ngowe, kuna uwezekano gani kwamba la kwanza lilikuwa boribo? Zungushia buluu ncha zote zinazoishia na N: 24/90 na 30/90, jumla 54/90. Kati ya hizo, inayoanza na B ni 24/90. Gawanya: 24/54, yaani 4/9. Usichore mti mwingine uliogeuzwa. Zungushia ncha tu.

Hatua ya 5: Mchoro unaounganisha miwili hiyo

Mchoro wa nne ni lile darasa la watu 60, sasa likiwa mti. Tawi la kwanza: feri 35/60, bila feri 25/60. Kwenye feri, tawi la tuktuk ni 12/35. Kwenye wasiopanda feri, tuktuk ni 16/25. Zidisha 35/60 × 12/35 upate 12/60, ile namba ya katikati ya duara. Ncha nne za mti ndizo sehemu nne za mchoro wa Venn. Chora mishale minne kuziunganisha.

Hapa uhuru wa matukio huonekana bila hesabu ndefu. Matawi ya tuktuk yangekuwa sawa juu na chini kama matukio yangekuwa huru. Yetu ni 12/35, karibu 0.34, na 16/25, yaani 0.64.

Hatua ya 6: Ijaribu kwa mitihani

Chukua maswali ya zamani, na kwa kila moja andika namba ya mchoro kabla ya kutatua. Swali lisilopata mchoro libandike nyuma ya karatasi. Mengi huwa yamepita uwezo wa michoro hii. Ukitupa sarafu mara 10, mti una ncha 1,024; hapo tumia kanuni ya mgawanyo wa binomia. Seti tatu zinaingia vizuri kwenye duara tatu, lakini seti nne zinahitaji sehemu 16, na duara nne za kawaida hazitoi zaidi ya 14. Kwa hizo tengeneza jedwali.