Kuvunja bima ya maisha Marekani: dai barua ya gharama kabla hujasaini

Mwongozo huu ni kwa Waswahili tunaoishi Marekani na tulionunua ile bima ya maisha inayojenga akiba ndani yake, si ile ya muda maalumu inayoisha bila kulipa kitu. Nimemaliza kuivunja yangu, na hatua iliyonitesa si fomu ya kuivunja. Ni kuthibitisha nimeweka fedha kiasi gani kwa miaka yote. Ushahidi huo ndio unaoamua kodi yako.

Sheria yenyewe iko wazi. Ukivunja mkataba, fedha zako ulizolipa kama ada hazitozwi kodi tena, kwa sababu zilishatozwa ulipozipata. Kinachotozwa ni ile ziada iliyo juu ya ada, nayo huhesabiwa kama kipato cha kawaida, kwa viwango vilevile vya mshahara. Ukipata pungufu ya ulicholipa, hakuna kodi, lakini pia hasara hiyo huwezi kuidai.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa fomu yoyote, iandikie kampuni uombe barua ya gharama, yenye mambo manne kwa maandishi: thamani ya kusalimisha, yaani ya kuuvunja mkataba, kwa tarehe maalumu, deni la mkopo uliochukua ndani ya mkataba pamoja na riba yake, jumla ya ada ulizolipa tangu siku ya kwanza pamoja na gawio ulilochukua, na jibu kama mkataba wako ni MEC au la. MEC ni mkataba uliojazwa fedha nyingi kupita kipimo cha sheria, hasa katika miaka 7 ya mwanzo. Kama wako ni huo na hujafikisha umri wa miaka 59 na nusu, kuna adhabu ya asilimia 10 ya faida juu ya kodi ya kawaida. Wengi wetu tunaolipa kidogo kidogo kila mwezi hatumo humo, ila jibu liwe kwenye karatasi.

Usikubali kujibiwa kwa simu. Mkataba wangu ulikuwa umehamishwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine, na mhudumu wa simu alinitajia jumla ya ada iliyoanzia pale kampuni mpya ilipouchukua. Miaka ya nyuma haikuwemo kwenye mfumo wao. Kila nilipopiga nilipokewa na mtu mwingine, nikaanza kueleza upya. Kilichonikomboa ni taarifa za mwaka, zile barua zinazotumwa kila mwaka mkataba unapotimiza tarehe yake, ambazo mke wangu alikuwa amezitunza kwenye bahasha. Nilituma nakala zake kwa faksi pamoja na ombi la kusahihishiwa kumbukumbu. Kama huna barua hizo, anza na taarifa za benki mapema, maana za zamani sana benki huwa hazina tena.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Nililipa dola 150 kwa mwezi kwa miaka 14, jumla dola 25,200. Katika miaka hiyo nilichukua gawio la dola 1,200 taslimu. Gawio la namna hiyo huhesabiwa kama sehemu ya ada uliyorudishiwa, kwa hiyo gharama yangu, yaani ada zisizotozwa kodi tena, ikashuka hadi dola 24,000. Kama kwenye ada yako mna nyongeza ya ajali au ulemavu, sehemu hiyo nayo haihesabiwi. Lakini gharama ya ulinzi wenyewe wa maisha haipunguzwi kwenye ada zako: mamlaka ya kodi, IRS, iliwahi kusema mwaka 2009 kwamba ipunguzwe kwa anayemuuzia mtu mwingine mkataba wake, na sheria ya kodi ya Desemba 2017 ikaufuta msimamo huo. Ukikutana na makala ya zamani inayokuambia uipunguze, iache.

Mkataba ulikuwa na thamani ya dola 31,000, na nilikuwa na mkopo wa dola 6,000 ndani yake. Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Kampuni ilikata mkopo wake, zikabaki dola 25,000 za kunilipa, na mtu akizilinganisha na gharama ya dola 24,000 atadhani faida ni dola 1,000 tu. Sivyo. Zile dola 6,000 nilishazipokea na hazikuwahi kutozwa kodi, kwa hiyo zinarudi kwenye hesabu: 31,000 toa 24,000, faida dola 7,000. Mwenye mkopo mkubwa anaweza kupata hundi ndogo sana na bado akadaiwa kodi nzito. Piga hesabu hii kabla ya kusaini, maana mkataba ukishavunjwa haurudi. Na kama lengo lako ni kuondoka kwenye kampuni hiyo, si kutumia fedha, uliza kuhusu kifungu cha 1035 cha sheria ya kodi: unaweza kuuhamishia mkataba mwingine wa bima bila kodi kwa sasa, ilimradi fedha zisipite mikononi mwako.

Fomu ya kuvunja ni fupi. Pamoja nayo kuna W-4R, ya kodi ya zuio. Usipochagua chochote watakata asilimia 10 ya sehemu inayotozwa kodi; kwangu ilikuwa dola 700, nikapokea dola 24,300. Unaruhusiwa kuandika sifuri au kiwango cha juu zaidi. Kumbuka tu kwamba zuio ni malipo ya awali. Mimi niko kwenye kiwango cha asilimia 12, kwa hiyo kodi ya faida ilikuwa dola 840, nikabakiwa na dola 140 za kuongeza. Kama unapata ruzuku ya bima ya afya ya serikali, faida hii huongeza kipato chako cha mwaka na ruzuku inaweza kupungua, kwa hiyo toa taarifa mapema.

Mwishoni mwa Januari subiri fomu 1099-R. Angalia kisanduku 1, jumla, 2a, sehemu inayotozwa, 4, zuio, 5, ada zako, na 7, ambamo kwa kawaida utakuta namba 7. Yangu ilikuja na 2a tupu na alama kwenye 2b, maana yake kampuni inasema haijui faida ni kiasi gani. Ukiijaza hivyo kwenye programu ya kodi bila kuangalia, inaweza kuzitoza dola 31,000 zote, yaani zaidi ya dola 3,700 badala ya 840. Kwenye fomu 1040 jumla inakwenda mstari wa 5a na faida mstari wa 5b, na barua ya gharama inabaki kwenye faili lako.

2a ikiwa na namba isiyo sahihi, omba kampuni itoe fomu iliyosahihishwa. Februari ikiisha bila jibu, ipigie IRS simu, nao wataiandikia kampuni. Ikishindikana kabisa, kuna fomu 4852 inayochukua nafasi ya 1099-R.

Kwa aliyekwisha rudi nyumbani Kenya au Tanzania na si raia wala mkaazi wa Marekani kikodi, mambo ni tofauti: faida hukatwa asilimia 30 hukohuko, na hakuna mkataba wa kodi ya mapato kati ya Marekani na nchi hizi wa kuipunguza. Atajaza W-8BEN, fomu ya asiye mkaazi, na karatasi atakayopokea ni 1042-S badala ya 1099-R. Kama unapanga kurudi, linganisha hesabu zote mbili ukiwa bado huku.