Somo: Maziwa yanaposhuka kipindi cha joto, anza na saa ya kulisha

Maziwa yakishuka kipindi cha jua kali, wengi wetu hukimbilia kuongeza chakula. Unachota pumba zaidi saa 6 mchana, ng'ombe anazinusa, anageuza kichwa, na wewe unadhani anaumwa au ameanza deko. Hana deko. Anakataa kuongezewa moto.

Tumbo kuu la ng'ombe ni kama pipa kubwa la kuchachusha. Majani anayoyameza huvunjwavunjwa humo na vijidudu, na kazi hiyo hutoa joto mchana na usiku. Hali ya hewa ikiwa baridi, joto hilo ni faida. Hewa ikiwa ya moto, ng'ombe anakuwa na majua mawili, moja juu ya mgongo na jingine tumboni. La mgongoni hana uwezo nalo. La tumboni anaweza kulipunguza kwa njia moja tu, nayo ni kula kidogo.

Kula kidogo hueleza karibu nusu ya hasara. Watafiti waliwahi kuwapa ng'ombe waliokaa kwenye ubaridi chakula kidogo kilekile kilicholiwa na wenzao waliokaa kwenye joto. Wa kwenye ubaridi nao walipungua maziwa, lakini kwa takriban nusu tu ya walivyopungua wenzao. Nusu nyingine hutokana na mwili wenyewe kubadili matumizi: damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili ipoe, kuhema kunakula nguvu, na sukari ambayo ingekwenda kwenye kiwele inatumika kwingine. Kwa hiyo nayasema mapema, hatua zilizo hapa chini hazirudishi kila lita. Zinarudisha sehemu kubwa.

Anayeumia zaidi ni yule anayekamuliwa sana, kwa sababu anakula sana. Ng'ombe wa kizungu mwenye maziwa mengi huanza kusumbuka hewa ikikaribia nyuzi 25, na mapema zaidi kukiwa na unyevu mwingi. Wa kienyeji mwenye nundu huvumilia zaidi ya hapo.

Hatua ya 1: Hesabu pumzi

Simama pembeni bila kumshtua, tazama ubavu unavyopanda na kushuka. Hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa 2. Fanya hivyo saa 8 mchana, ng'ombe akiwa ametulia, si aliyetoka kutembea. Chini ya pumzi 60 kwa dakika, hali si mbaya. Zikipita 60, joto limeshamwingia. Zikipita 80, anapoteza maziwa, hata kama bado anakula. Akifungua mdomo na ulimi ukatoka, udenda ukichuruzika, hapo ni dharura: kivuli na maji juu ya mwili papo hapo.

Nasisitiza pumzi kwa sababu ndoo ya maziwa huchelewa kutoa habari. Joto la leo hushusha maziwa ya kesho au kesho kutwa. Ndiyo maana mtu huona maziwa yameshuka siku yenye mawingu akaanza kulaumu majani aliyolisha asubuhi.

Hatua ya 2: Kivuli kinachopitisha upepo

Kivuli ni zaidi ya paa. Banda fupi la mabati lenye kuta pande zote ni tanuri, na bati likishapata moto linamwagia ng'ombe joto mgongoni kama jua lenyewe. Paa liwe juu, mita 3.5 hadi 4, na pande ziwe wazi ili upepo upite. Kama bati lipo tayari na liko chini, tandaza nyasi kavu juu yake, au funga dari ya matete chini yake ukiacha nafasi ya hewa katikati. Kila ng'ombe apate kama mita 4 hadi 5 za mraba. Wakibanana, wanapashana moto.

Kuhusu uelekeo, banda la sakafu ya saruji lilaze kutoka mashariki kwenda magharibi, kivuli kitabaki chini ya paa karibu siku nzima. Kama chini ni udongo, lilaze kaskazini kwenda kusini ili jua lipite na kukausha pale walipokojoa. Tope kwenye kiwele lina gharama yake.

Usiku, kama ni salama, watoe nje ya paa. Ng'ombe hupunguza usiku joto alilolimbikiza mchana, na anga lililo wazi humsaidia kuliko dari.

Hatua ya 3: Maji pale anapoyahitaji

Maziwa ni maji kwa sehemu kubwa, kama asilimia 87. Ng'ombe wa lita 18 anaweza kunywa lita 80 hadi 100 kwa siku kwenye joto, wakati mwingine zaidi. Kumpelekea ndoo moja asubuhi na moja jioni ni kumnyima.

Hori la maji liwe kivulini, kwani maji yaliyochemka juani hayanywi ya kutosha, na hatatoka kivulini kuyafuata. Angalia na bomba: likipita juu ya ardhi mita nyingi, maji ya mchana hufika ya moto. Lifukie. Halafu saa muhimu kuliko zote ni mara tu baada ya kukamuliwa, kiu yake ikiwa kubwa. Akitoka kukamuliwa akutane na maji safi kabla ya kitu kingine. Sugua hori kila siku chache. Utelezi wa kijani ukutani ukiuona, fahamu yeye aliuonja kabla yako.

Hatua ya 4: Sogeza saa za chakula

Joto la kuchachuka hufika kileleni kama saa 3 au 4 baada ya mlo. Fanya hesabu: ukimpa mlo mkubwa saa 4 asubuhi, moto wa tumbo unakolea kati ya saa 7 na saa 8 mchana, jua nalo likiwa kali. Majua mawili yanakutana.

Nichukue mmoja niliyemfuatilia kwa daftari. Alikuwa anatoa lita 18, zikashuka hadi 14 ndani ya wiki moja ya joto. Ratiba yake: kukamuliwa saa 12 asubuhi, mlo mkubwa wa mabua na pumba saa 4, mlo mdogo saa 10 jioni, usiku hori tupu. Pumzi zake saa 8 mchana zilikuwa 88.

Hatukumwongezea hata kilo moja ya chakula. Tulichobadilisha ni saa. Kukamua kukaanza saa 11 alfajiri, akanywa maji, akapewa karibu theluthi moja ya chakula cha siku na kukimaliza kabla ya saa 2. Mchana aliachiwa majani mabichi kidogo, laini, ya kutafuna akitaka. Saa 1 usiku akapewa chakula chote kilichobaki, mabua yote yakiwa humo, na hori likabaki na kitu mpaka alfajiri. Pumba ziligawanywa mara 3, zikichanganywa na majani, asizilambe zote kwa mkupuo.

Mabua makavu tuliyasogeza usiku kwa makusudi. Chakula kigumu hutoa joto jingi kwa nguvu kidogo anayoipata. Lakini usikiondoe, kwani bila nyuzinyuzi hacheui vizuri.

Siku ya 3 pumzi za mchana zilikuwa 66, maziwa bado 14. Mwenye ng'ombe alitaka kuacha. Siku ya 6 yalifika 15, na siku ya 10 yakasimama kwenye 16 na nusu. Hazikurudi 18 mpaka hewa ilipopoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mimi nawanyunyizia maji mchana lakini naona wanahema zaidi. Nakosea wapi?

Jibu: Nadhani unanyunyiza manyunyu mepesi, tena kwenye banda lisilo na upepo. Manyunyu hukaa juu ya manyoya, hayagusi ngozi, na hewa ya banda inazidi unyevunyevu. Kinachopoza ni maji kukauka kutoka kwenye ngozi. Mloweshe mgongo na mabega mpaka ngozi iloe, kama dakika moja au mbili, kisha acha upepo au feni imkaushe, halafu urudie. Acha kabla maji hayajachuruzika hadi kwenye kiwele, utaleta ugonjwa wa kiwele. Na kama hewa yako ina unyevu mwingi na hakuna upepo, bora uhangaike na kuta za banda kwanza.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nitajuaje kama ni joto la hewa au ni homa ya kupe? Dalili naziona zinafanana, anahema na hataki kula.

Jibu: Marahaba. Swali zuri, maana kuna watu wamepoteza ng'ombe wakisubiri jua lipungue. Mpime kwa kipimajoto njia ya haja kubwa alfajiri, kabla jua halijachomoza. Aliyesumbuliwa na hewa tu, baada ya usiku wa ubaridi hurudi karibu na nyuzi 38.5. Mwenye homa utamkuta amepita 39.5 hata alfajiri. Papasa pia tezi chini ya masikio na mbele ya mabega kama zimevimba. Tazama wenzake: joto la hewa huwagusa wote kwa kiasi fulani, homa huanza na mmoja. Ukiwa na shaka, mwite daktari siku hiyo hiyo.

Swali: Wanunuzi wangu wanasema maziwa yamekuwa mepesi. Siongezi maji, naapa.

Jibu: Nakuamini. Ng'ombe anayehema anadondosha mate, na mate ndiyo yanayotuliza uchachu tumboni. Mate yakipungua na mabua yakipungua kwa pamoja, tumbo linakuwa kali na mafuta ya maziwa yanashuka. Angalia kinyesi, kama kimelegea chenye mapovu, ndiyo hiyo. Kwanza punguza pumba za mkupuo. Gramu 150 hadi 200 za bikaboneti ya sodiamu kwa siku, zikichanganywa kwenye chakula, husaidia. Chumvi ya kulamba isikosekane.

Swali: Mimi nachunga, sina majani ya kukata ya kutosha usiku. Na pia ng'ombe wangu hawaonyeshi joto siku hizi, inahusiana?

Jibu: Neno letu hili lina maana mbili, na moja linamla mwenzake! Ndiyo, inahusiana. Akiwa na joto la hewa, joto la kupandwa huwa fupi na hafifu, mara nyingi huonekana usiku tu. Mchungulie saa 4 usiku na alfajiri. Kuhusu kuchunga, toka nao kungali na giza kidogo, warudi kivulini saa 4 asubuhi, watoke tena saa 10 jioni mpaka kiza. Majani machache uliyonayo yaweke usiku, si mchana.

Swali: Niliyemkausha anangoja kuzaa, naye nimpe kivuli au nimpishe anayekamuliwa?

Jibu: Mpe. Wiki zake za mwisho ndipo kiwele kinajijenga upya, na akikaa juani wakati huo, atakamuliwa pungufu baada ya kuzaa hata hali ya hewa ikiwa imeshapoa. Ndama naye huzaliwa mwepesi. Kama kivuli ni kidogo, panua kwa matete na miti.