Kuweka ahadi mwanzoni mwa hadithi na kuilipa: hatua nilizopita na kijana mmoja

Kijana aliniletea hadithi fupi ya ndugu wawili wa pwani, Salimu na mdogo wake Hamadi. Waliomsomea walimwambia ni tamu lakini mwisho haukuwashibisha. Tulivyoirekebisha ni hivi.

1. Tafuta msomaji kaahidiwa nini

Ukurasa wa kwanza ndugu hawa wanagombania mpaka wa shamba la minazi. Salimu anaweka chini kikombe cha kahawa, anavaa makubadhi na kusema: "Wallahi, mguu wangu hautakanyaga nyumba hii mpaka uniombe radhi mbele za watu." Hapo msomaji anaanza kusubiri mambo mawili: mguu uvuke kizingiti, na radhi iombwe hadharani. Kijana alimalizia kwa mafuriko yaliyowapandisha wote wawili juu ya paa moja wakapatana. Kizingiti hakikuvukwa, wala radhi haikutajwa.

Yaandike unayodaiwa kwa kalamu, kwenye karatasi, uyaweke mbele yako. Kwenye kompyuta utayafunika na mengine.

2. Andika malipo kabla ya katikati

Toa kile kile ulichoahidi, ila kipite njia ambayo msomaji hakuitazamia. Tuliamua Hamadi apatwe na kiharusi, ulimi usiweze kutamka. Sharti la Salimu sasa haliwezi kutimia kamwe. Anaingia, chumba kimejaa majirani waliokuja kumjulia hali mgonjwa, na yeye ndiye anayesema: "Niwie radhi, mdogo wangu." Mguu umevuka na radhi imeombwa mbele za watu, lakini kinywa ni kingine.

Kiharusi ni sadfa, ndiyo. Sadfa inayomzidishia mhusika shida msomaji huikubali. Inayomtoa shidani hukasirisha.

3. Panda mapema kila kitu utakachokihitaji mwishoni

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Salimu ameapa kwa jina la Mungu, na msomaji wa pwani hatakubali kiapo kivunjwe kikaachwa hivyo hivyo. Kinahitaji kafara: kulisha au kuvisha maskini kumi, na asiyeweza hufunga siku tatu. Katika rasimu moja imamu alijitokeza kwenye aya za mwisho akayaeleza hayo yote. Kila kitu kilikuwa sahihi, na bado kilisomeka kama mlango uliotobolewa ukutani dakika ya mwisho.

Tukaihamishia kafara mwanzoni, jirani aseme papo hapo baada ya kiapo: "Kiapo kina kafara, Salimu." Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu msomaji alishajua kiapo kitavunjwa na kwa namna gani, na taharuki ikafa.

Kilichofaa ni kuipa kafara kazi nyingine. Tulimwongeza mzee mvuvi aliyeapa kwa hasira kwamba hatapanda tena chombo cha mkwewe. Msimu wa samaki unafika, anapanda, na mtaa mzima unamcheka akihesabu maskini mlangoni kwake: saba, wanane, "bado wawili, waiteni!" Salimu yupo pale, anacheka pamoja nao. Msomaji anaichukua kama kichekesho cha mtaani, na kanuni inamwingia bila kujua kwamba amefundishwa.

Angalia tukio hilo limekaa wapi. Likiwa karibu na kiapo linafichua, likiwa karibu na mwisho linanuka maandalizi. Mimi hupenda theluthi ya kwanza inapoishia. Na lazima lisimame lenyewe: liondoe, kisha usome ukurasa uliobaki. Ikiwa hakuna kilichopungua ila maelezo ya kafara, bado halijawa tukio.

4. Kumbusha kwa tendo

Usimfanye Salimu akikumbuke kiapo kichwani. Hamadi anamwoza binti yake, Salimu anasimama njiani, na watoto wanamletea sinia ya biriani nje. Anakula peke yake, wapita njia wakimwona. Mara moja kama hii inatosha kwa hadithi fupi, mradi ahadi imgharimu zaidi kuliko mwanzo.

Kisha mpe mtu asome mpaka hapo tu, umuulize anasubiri nini. Asipokitaja kiapo, kimefifia. Akikutajia mwisho wote, punguza mwangaza kwenye kafara.

5. Lipa, kisha kata

Baada ya radhi tuliacha tukio moja: Salimu anatandika mkeka njiani, pale pale alipokula peke yake, anaweka sinia na kuanza kuhesabu watu. Hakuna anayetamka neno kafara. Kijana alikuwa na aya tatu zaidi za kueleza undugu ni nini. Tulizifuta zote, na hadithi ikaishia Salimu anapomwita mtu wa kumi.